Waraka kwa wanakikundi wenzangu kuhusu milioni 6 za sandukuni

Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina wetu, na akina mama, akina baba na vijana wote wa kikundi,

 

Namwomba Katibu ausome waraka huu kwa sauti kabla ya kufikia ajenda ya nne, ile inayotutaka turuhusu shilingi milioni 6 za hisa zetu zikafanye biashara ya bitkoini kwa mkopo wa mara ishirini. Jumamosi iliyopita ajenda hiyo ililetwa watu wakiwa wameshasimama, wengine wanatafuta viatu mlangoni. Mweka Hazina ni mwanetu, tumemchagua wenyewe, na hesabu zake za kila wiki hazijawahi kupishana na za Katibu. Ndiyo maana sikutarajia atuombe jambo zito kiasi hicho kwa haraka kiasi hicho. Mama mjane akiomba laki tatu za ada ya mwanawe tunamtaka wadhamini wawili, na tunamhoji mpaka jasho linamtoka. Milioni 6 ziliombwa kwa dakika tano, bila mdhamini hata mmoja.

Tuanze na fedha zenyewe. Tuko 30, kila mmoja anaweka 20,000 kwa wiki, na baada ya wiki 20 tumechangia milioni 12. Kwa hiyo kila mtu ana 400,000, na milioni 6 ni akiba yote ya watu 15 kati yetu. Naomba kila anayesikia awaangalie watu 15 waliokaa karibu naye kabla hajanyoosha mkono.

Sasa hiyo mara ishirini, ambayo kwenye simu inaandikwa `20x`. Unaweka milioni 6 kama dhamana, na jukwaa la biashara linakufungulia mkataba wa milioni 120. Bei ya bitkoini ikipanda kwa asilimia 1, mkataba unaingiza milioni 1.2. Mweka Hazina alitueleza vizuri mpaka hapo, kisha akanyamaza. Namwomba radhi, lakini nusu aliyoiacha ndiyo iliyotuhusu zaidi.

Bei ikishuka kwa asilimia 1, hiyo milioni 1.2 inatoka kwenye milioni 6 zetu. Ikishuka kwa asilimia 5, zimekwisha zote. Na kwa kweli jukwaa halisubiri asilimia 5, kwa sababu linataka dhamana isipungue chini ya kiwango fulani, mara nyingi kama nusu ya asilimia moja ya mkataba mzima. Kwetu sisi hiyo ni 600,000. Bei ikishuka kwa takriban asilimia 4.5, mashine inafunga mkataba kwa nguvu na kuuza kila kitu. Vijana wanaofanya biashara hii wanasema akaunti imeungua. Kwenye skrini bei hiyo ya kuungua inaonyeshwa waziwazi kwa maneno `Liq. Price`. Ukinunua bitkoini ikiwa dola 100,000 kwa `20x`, utaiona iko karibu na dola 95,500. Mweka Hazina alituonyesha picha za skrini za faida. Picha yenye mstari huo hatukuiona, na ninamwomba atuletee.

Najua atajibu kwamba bitkoini ikishuka hupanda tena, na kwamba historia iko upande wake. Basi tuichukue historia hiyohiyo. Tarehe 12 Machi 2020 bitkoini iliamka ikiwa karibu dola 7,900, na kabla siku haijaisha ilikuwa chini ya dola 5,000. Mwezi Aprili ulipokwisha ilikuwa imerudi juu ya dola 8,000. Mtu aliyekuwa na bitkoini yake aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe alikosa usingizi wiki kadhaa, kisha akajikuta pale alipokuwa. Aliyekuwa ndani kwa mkopo wa mara ishirini, hata wa mara tano, alikuwa ameshaungua, na bei iliporudi hakuwa na kitu cha kurudishiwa. Wote wawili waliamini kwamba bei ingepanda, na wote wawili walikuwa sahihi. Tofauti ni kwamba huyu wa pili hakutakiwa kuwa sahihi mwishoni tu. Alitakiwa awe sahihi kila dakika ya njiani, na hakuna binadamu mwenye uwezo huo, hata awe ndugu yetu.

Hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu hatari ya mtu mmoja akiwa na simu yake si sawa na hatari ya kikundi. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Tulipanga hivyo makusudi, ili fedha zisitoke bila watu kukutana, kutazamana na kukubaliana. Soko la kripto halilali wala halina Jumapili. Tarehe 10 Oktoba 2025 mchana wa kwetu bitkoini ilikuwa juu ya dola 120,000. Usiku ule Rais Trump alitangaza ushuru mpya mkubwa dhidi ya China, na dakika chache baada ya saa sita usiku kwa saa zetu bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 105,000. Mikataba ya mkopo yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 19 ilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24. Kikundi chetu kingekuwa kitandani. Tungekutana asubuhi ya Jumamosi hiyo kama kawaida, na ajenda ya kwanza ingekuwa kumsikiliza Mweka Hazina akieleza jambo ambalo hata yeye asingepewa nafasi ya kulizuia. Nani angeitisha mkutano saa sita usiku? Na angeuitisha ili tukaamue nini, wakati mashine imeshauza?

Mweka Hazina alisema ataweka amri ya kukata hasara, ili bei ikishuka kwa asilimia 2 mkataba ujifunge wenyewe. Amri hiyo ipo na ina maana yake, lakini tuipigie hesabu. Asilimia 2 ya milioni 120 ni milioni 2.4, yaani akiba yote ya wanachama sita tangu hisa ya kwanza. Bitkoini kupanda au kushuka kwa asilimia 2 ni jambo la siku ya kawaida kabisa, hakuhitajiki balaa lolote. Kwa hiyo amri hiyo ingeguswa mara kwa mara, na kila ikiguswa sita wengine wanakwenda. Na usiku kama ule wa Oktoba, bei inaanguka haraka kuliko wanunuzi wanavyojitokeza, kwa hiyo amri iliyowekwa kwenye asilimia 2 inaweza kutekelezwa kwenye bei ya chini zaidi.

Aliahidi pia kwamba ataingiza milioni 1 tu kwa wakati mmoja, na 5 zilizobaki zitakaa salama kwenye akaunti hiyohiyo. Hapa namwuliza swali moja mbele ya wote: atachagua `Cross` au `Isolated`? Akichagua `Isolated`, ile milioni 1 pekee ndiyo iko hatarini. Akichagua `Cross`, jukwaa linahesabu salio lote la pochi hiyo ya mikataba kuwa dhamana, na zile 5 zinachukuliwa kidogo kidogo kuuokoa mkataba unaozama. Mtu anayetaka kushika fedha za wenzake angepaswa kutuambia hili kabla hatujauliza.

Halafu kuna kodi ya kukaa humo ndani. Mikataba hii isiyo na tarehe ya mwisho ina malipo yanayoitwa `Funding`, ambayo kwa kawaida hutozwa kila baada ya saa 8. Kiwango hupanda na kushuka, na zipo siku unalipwa wewe, ila soko likiwa na matumaini anayenunua ndiye anayelipa. Tuchukue kiwango cha kawaida cha asilimia 0.01. Kinaonekana hakina kitu, lakini kinatozwa juu ya milioni 120, si juu ya milioni 6. Ni 12,000 kila mara, 36,000 kwa siku, 1,080,000 kwa mwezi. Kuingia na kutoka tu kunaweza kula 120,000 nyingine kila safari. Mweka Hazina alituahidi faida ya asilimia 10 kwa mwezi, yaani 600,000. Kabla hajaipata hiyo, akikaa mwezi mzima, anatakiwa kwanza alipe pango karibu mara mbili yake.

Na akaunti itakuwa ya nani? Jukwaa linasajili mtu kwa kitambulisho chake na uso wake. Simu ni yake, nywila ni yake, namba za uthibitisho zinakuja kwake. Simshuku wizi, na asidhani nimeandika kwa ajili hiyo. Nasema akiumwa, akipoteza simu, au Mungu akimwita, sisi 29 hatuna kufuli hata moja. Bima ya amana inayolinda fedha za benki haifiki huko. Benki Kuu ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu sarafu hizi mwezi Novemba 2019.

Kuna waliosema Jumamosi kwamba tunaopinga tumebaki nyuma na wenzetu Ulaya wameshaendelea. Wanaosema hivyo wangesoma kidogo. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo kwa wateja wa kawaida wanaobashiri tofauti ya bei za kripto kwa mkopo: wasizidi mara mbili. Uingereza ilikwenda mbali zaidi, na kuanzia Januari 2021 ikapiga marufuku kabisa kuwauzia wateja wa kawaida mikataba ya kubashiri bei za kripto. Nchi zenye mabenki makubwa na mahakama za haraka ziliona mara ishirini ni nyingi mno kwa mtu anayecheza na fedha zake. Sisi tunataka kuzichezea fedha za muuza vitumbua.

Tukimkopesha yeye, riba inarudi sandukuni na tunagawana sote mwisho wa mzunguko. Akichelewa tunajua nyumbani kwake, tunajua ni mvua au ni mtoto mgonjwa, tunamwongezea wiki mbili. Mkataba wa `20x` hauongezi hata sekunde mbili.

Naleta hoja yangu badala ya ajenda ya nne, na naomba iandikwe kwenye katiba ya kikundi: "Fedha za hisa na za mfuko wa jamii hazitatumika kununua wala kudhamini mkataba wowote wa kubashiri bei kwa mkopo, hata kwa kura ya wengi." Maneno ya mwisho nimeyaweka kwa makusudi. Watu 29 hawana haki ya kuiweka rehani 400,000 ya mmoja aliyekataa. Mwanachama anayetaka biashara hiyo asubiri mgao, achukue chake, aende nacho kwa amani, na asilete hasara yake mkekani.

Mweka Hazina naye apewe nafasi ya kujibu, kwa muda wowote anaoutaka, na picha ya `Liq. Price` akiwa nayo mkononi. Kura ipigwe baada ya hapo, watu wakiwa wamekaa.

Wenu katika kikundi,
Mwanachama mwenzenu