Sifa za Kupita

Ushindi umesifiwa vya kutosha. Imesifiwa pia kete ya mwisho inayobamizwa mezani hadi vikombe vya kahawa vikaruka. Mimi nasifu kupita. Kwenye baraza za dhumna, pale Jaws Corner ya Mji Mkongwe na kwingineko, hakuna neno linalozomewa kama "napita", wala hakuna anayelitamka bila kuinamisha uso. Ni dhuluma. Kupita hakuna gharama, hakuchoshi mkono, na humpa mtu nafasi ya kumalizia kahawa yake kabla haijapoa. Hizo ni fadhila ndogo tu. Fadhila yake kuu, inayostahili kutangazwa kwenye mimbari, ni kwamba kupita hakusemi uongo.

Tazama ushahidi. Kete ni 28, wachezaji wanne, kila mmoja saba, na hakuna za kuokota pembeni. Anayeweza kucheza lazima acheze. Kila namba imo katika kete saba, kwa hiyo anayepita ncha zikiwa tano na sita ametangaza kwamba katika kete 13 hana hata moja. Ni saba za tano na saba za sita, ukiondoa tano-sita iliyohesabiwa mara mbili. Shahidi gani mwingine husema mengi hivyo kwa neno moja, tena dhidi ya nafsi yake?

Tuseme aliyepita hivyo ni mpinzani anayecheza baada yako. Sasa yeye ana kete nne, mwenzako na mpinzani wa pili wana tatu tatu, na wewe una tano-moja, sifuri-tatu na mbili-mbili. Ncha ni tano na moja, na kete nyingine zote za tano ziko mezani. Ukiiweka tano-moja kwenye moja, ncha zote mbili zinakuwa tano na mchezo umefungwa. Ukiiweka kwenye tano, zote zinakuwa moja na mchezo unaendelea. Ufunge? Alama za kete zote ni 168. Ukihesabu za mezani pamoja na hiyo unayoiweka unapata 104, basi mikononi zimebaki 64, na 7 kati ya hizo ni zako. Pale ambapo alama za wenza hujumlishwa, na wenye chache hushinda, ninyi wawili mnahitaji chini ya 32. Sasa tafuta sita. Hazijatoka sita-sita, sita-tatu na sita-sifuri, jumla 27. Aliyepita hana hata moja, kwa hiyo ziko kwa mwenzako au kwa mpinzani wa pili. Zikiwa zote kwa mpinzani huyo, hata aliyepita akishika kete nne nyepesi kuliko zote zilizobaki, wawili wao wana angalau 36 na ninyi hamzidi 28. Zikiwa zote kwa mwenzako, mna 34 na wao 30: umejifunga mwenyewe. Kama mwenzako ndiye aliyeileta sita kwenye ncha mara mbili, mshuku kuwa anazo, na weka kete yako kwenye tano.

Kuna atakayesema kwamba hata kete inayochezwa hutoa habari. Kweli, lakini ni dalili tu. Aliyeikwepa sita huenda hana, huenda anaificha, na huenda hajui anachofanya. Mwingine atasema wapo wanaopita ilhali wanayo. Wapo, na mchezo ukiisha kete hufunuliwa na aibu yao huonekana. Mwongo wa kupita hudumu mchezo mmoja. Anayeniudhi hasa si huyo. Ni yule mwenza aliyesikia mpinzani akipita kwenye tano, akaona meza nzima imesikia, kisha akaifunika tano kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu kete aliyoichagua ina kishindo kizuri. Huyo hana dawa! Habari ililetwa bure hadi masikioni mwake, naye akailipa kwa kelele.

Na huyo ana ndugu nje ya baraza. Nenda dirishani ukaulizie faili lako. Aliyekaa pale hana faili, hana jibu, hana mamlaka, lakini hapiti. Anasema "njoo kesho." Kamati haina fedha wala mpango, lakini haipiti, inaunda kamati ndogo. Mgombea hajui maji yatatoka wapi, lakini hapiti, anaahidi kisima. Hao wote wamekaa kwenye meza ambayo kete hazifunuliwi mwishoni, ndiyo maana hatuwezi kuhesabu nani ana nini, na tunajifunga wenyewe kila mwaka. Mcheza dhumna asiye na tano husema hana, zamu inasogea, na mwenye nayo anacheza. Basi nanyi wa madirishani, msiokuwa nayo, gongeni meza mpite.