Njano ni Njano Gani? Mwongozo kwa Mwenye Nembo Anayetaka Usingizi

Sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, kila matatu ilitakiwa kuwa na mstari wa njano. Nenda stendi ya Likoni uzitazame njano hizo: kuna ya ndimu, kuna ya embe dodo, na kuna inayokaribia kuwa rangi ya chungwa. Mafundi wote wametii. Waliambiwa njano, wakapaka njano.

Kwa hivyo, wewe mwenye kiwanda cha mikate Changamwe, usiandike kwenye mwongozo wako kwamba nembo ni “buluu”. Andika buluu ya kila kazi. Ya kwenye skrini iwe, tuseme, #0050A0. Ya mpiga chapa iwe C100 M70 Y0 K0, yaani wino wa sayani asilimia 100 na majenta 70. Pengo hilo la 30 lilinde kama mboni ya jicho. Ukimpelekea #0000FF, ile buluu kali inayong'aa kwenye simu, mashine itaweka sayani na majenta karibu sawa, na mifuko ya mikate itatoka zambarau.

Stika ya gari ya kukatwa ina mambo yake. Plastiki yake huja na rangi tayari, haichanganywi. Chagua kwenye kitabu cha sampuli mchana, nje, si chini ya taa ya dukani, kisha uandike jina la mtengenezaji na namba ya rangi. Mwisho, weka kipande kilichochapwa vizuri ndani ya bahasha, kabatini. Bango lililoanikwa Kisauni mwaka mzima lisiwe kipimo cha mtu, jua limeshalila.

Sasa mfanyakazi mpya. Ameombwa nembo saa kumi jioni, naye ataitoa pale anapoiona: picha ya WhatsApp iliyobanwa mara tano. Kwenye bango la mita tatu, kingo zake zitakuwa ngazi. Basi mwongozo umwonyeshe folda moja tu. Ndani yake kuwe na PDF iliyochorwa kwa mistari kwa ajili ya wachapaji, PNG isiyo na mandharinyuma kwa ajili ya barua, na nembo ya rangi, nyeusi tupu na nyeupe tupu. Faili kuishia .pdf si hakikisho, maana picha mbovu huweza kubandikwa ndani. Mfundishe aikuze mara nane: kingo zikibaki safi, atume kama dokumenti.

Weka pia kipimo cha udogo. Kwa mfano, nembo ikiwa chini ya milimita 15, kaulimbiu iondoke, kwa sababu kwenye kalamu haisomeki.

Kurasa nne zinatosha. Ya kwanza ibebe tarehe ya toleo na namba ya simu ya mtu mmoja anayeidhinisha sampuli kabla mashine haijawashwa. Ukibadilisha rangi, badilisha tarehe, na faili za zamani zitoke kwenye folda siku hiyo hiyo.