Siku Moja Pungufu

Karani alisoma barua yangu kwenye kipaza sauti. Sidhani kama alikusudia, kwani kioo cha dirisha la ubalozi ni kinene na bila kipaza sauti mtabaki kutazamana midomo. Ila kipaza sauti hakichagui wasikilizaji. Ukumbi mzima, pamoja na kijana mmoja aliyevaa suti ya kuazima na mlinzi wa mlangoni, ulisikia hivi: “‘Natumaini nyote mu wazima. Huku kwetu hatujambo, isipokuwa mama mkwe anayesumbuliwa na goti.’ Sasa kaka, goti la mama mkwe ndilo lililobadilisha ndege?”

Watu walicheka. Kijana wa suti, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa akitetemeka kwa hofu ya usaili, alicheka mpaka akafungua kifungo. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akaniambia kwa huruma, “Pole mwanangu, na mgonjwa mfikishie salamu zangu.” Yeye ndiye mtu pekee mle ndani aliyelelewa vizuri. Mimi nilifunzwa kwamba humwombi mtu jambo kabla hujamjulia hali, na sioni kwa nini adabu hiyo iishie kwenye geti la ubalozi.

Goti halikuhusika, ni kweli. Lililohusika ni shirika la ndege. Nilikuwa na tiketi ya Alhamisi, tarehe 25 Septemba, kwenda Ulaya kwenye harusi ya mpwa wangu itakayofungwa Jumamosi ya tarehe 27, na miadi ya usaili wa viza nilipewa Jumatatu ya tarehe 8. Mambo yalikuwa yamekaa sawa. Mwishoni mwa Agosti shirika likaniandikia, kwa bashasha isiyoelezeka, kwamba “limeboresha ratiba”. Maana yake ndege ya Alhamisi imefutwa. Nilipewa nafasi ya kuchagua: niondoke Jumatatu ya tarehe 22, au Jumatatu ya tarehe 29, maharusi wakiwa wameshaondoka na pilau imeshaliwa. Nikachukua ya tarehe 22.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuninyima usingizi. Kanuni ya viza ya nchi za Schengen inataka ombi liwasilishwe si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Siku hizo ni za kalenda, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili nazo zimo. Kutoka tarehe 8 hadi 25 ni siku 17, salama kabisa. Kutoka tarehe 8 hadi 22 ni siku 14. Nilipungukiwa na siku moja.

Nikaanza kuisoma ile kanuni usiku, mke wangu akilalamikia taa, na nakiri kwamba ilininogea. Kumbe anayechelewa hanyimwi viza. Ombi lake halipokelewi tu, na tofauti ni kubwa. Lisipopokelewa, unarudishiwa fomu na ada yako ya yuro 90, na alama za vidole ulizotoa zinafutwa. Ukinyimwa, ada imekwenda na habari yako inabaki kwenye mfumo unaosomwa na maofisa wa viza wa nchi zote hizo. Nikaendelea kusoma. Siku 15 zinahesabiwa kabla ya nini hasa? Kabla ya kuanza kwa ziara. Na ziara huko Ulaya huanza ukifika Ulaya, si ukifunga mkanda Dar es Salaam! Ndege yangu inaruka tarehe 22 saa tano usiku na kutua asubuhi ya tarehe 23. Kutoka tarehe 8 hadi 23 ni siku 15 kamili. Hata bibi yangu wa Pangani, ambaye kwake siku mpya huanza magharibi, angesema usiku ule ni wa Jumanne.

Hoja hiyo niliipeleka dirishani nikiwa nimevimba kwa fahari. Karani akaitazama tiketi, akanitazama mimi. “Kaka, hapa imeandikwa tarehe 22.” Nikamweleza habari za kutua. “Hapa imeandikwa tarehe 22.” Nikamtaja bibi. Akanipa fomu ya kubadilisha miadi.

Fomu yenyewe ilikuwa fupi, na sehemu yake ya kwanza iliomba namba ya kumbukumbu. Kumbukumbu ya nini, haikusema. Msafiri ana namba nyingi kuliko nguo. Tiketi peke yake ina mbili: ile PNR yenye herufi na tarakimu sita, ambayo ni jina la nafasi yako kwenye kompyuta, na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, ambayo tatu za mwanzo hutambulisha shirika. Ukikata tiketi kwa wakala, PNR ya wakala inaweza kuwa tofauti na ya shirika, na zote ni sahihi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotakiwa ubalozini. Wao wanataka namba iliyo kwenye karatasi ya kuthibitisha miadi, pamoja na ya pasipoti. Barua pepe yangu ya kwanza, yenye PNR na goti, ilikuwa imejibiwa na mashine kwamba mimi sitambuliki.

Kwenye sababu nikaandika: “Shirika la ndege limefuta safari ya 25 Septemba na kunihamishia 22 Septemba, taarifa yao nimeiambatisha.” Kwenye tarehe ninazopendelea nikaweka 2, 3 na 4 Septemba, nikaongeza kwamba siku ya mwisho inayonifaa ni Ijumaa ya tarehe 5, kwa kuwa tarehe 7, inayotimiza siku 15, ni Jumapili. Miadi ya zamani nikaomba isifutwe kabla mpya haijathibitishwa. Salamu sikuweka, na mpaka sasa nahisi nimewatukana.

Karani akafungua kalenda yake. Nafasi ya karibu ilikuwa tarehe 18.

Hapa kicheko kilinitoka. Kanuni ileile inayonibana kwa siku moja inasema pia kwamba miadi, kwa kawaida, ipatikane ndani ya wiki mbili tangu iombwe. Upande wa mwombaji siku moja ikipungua mlango unafungwa. Upande wao wiki zikizidi ni “kalenda imejaa”. Na nje, chini ya mwarobaini, kulikuwa na jamaa aliyejua kabisa kwamba haijajaa, kwa sababu alikuwa anauza tarehe. Bei aliyonitajia ilizidi ada ya viza yenyewe. Mtu aliyejinyima ili alipe nauli anaambiwa asubiri foleni ambayo mwenzake ameigeuza duka, na anayelipa gharama ya ndege kufutwa si aliyeifuta.

Sikununua. Nilirudi dirishani nikaonyesha mahali kanuni inapowaruhusu kupokea ombi la dharura hata baada ya muda huo kupita, nikaomba anijibu kwa maandishi. Akanong’onezana na mtu nisiyemwona, akarudi: tarehe 4, saa mbili asubuhi.

Bima ya safari, ambayo ni lazima ifike yuro 30,000, ilibidi ianze upya kwa tarehe mpya. Hoteli ilikubali kwa simu moja. Barua ya likizo mkuu wangu alisaini bila kuisoma.

Viza ilitoka kabla ya safari. Imeandikwa kuanza kutumika tarehe 23 Septemba.