Serikali Imejenga Daraja Juu ya Riwaya Yangu

Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe pale mto Kilombero mwaka 2018, kila mtu analisifu. Mimi nina kinyongo nalo. Riwaya yangu ya upelelezi ilitegemea pantoni: muuaji anaua Ifakara, anakimbilia Mahenge, anakuta pantoni imelala, na inspekta kutoka Dar anamkamata alfajiri akiwa kwenye foleni. Leo muuaji huyo anavuka kwa bodaboda saa nane usiku, akipiga mluzi. Hakuna aliyeniuliza.

Mswada ukalala sandukuni, nusu yake, huku kijana wa jirani akinipitia kila asubuhi: "Shikamoo mwalimu, kitabu kimefika wapi?" Shikamoo ya namna hiyo haistahili marahaba.

Masika haya njia za mashambani zilipojaa maji, nikautoa. Sikugusa sentensi hata moja, maana ukianza kuipamba sura ya kwanza utaipamba mpaka uzeeke. Niliusoma wote, kisha pembeni ya kila sura nikaandika mstari mmoja: nani anataka nini, na nini kinamzuia. Inspekta anataka kumkamata muuaji kwa sababu analipwa mshahara. Kinachomzuia ni mimi, ninayemficha ushahidi ili kurasa ziongezeke. Hadithi ya hivyo lazima ife katikati.

Lakini kulikuwa na mama anayewauzia wali na kambale watu wa foleni. Nilimtaka ampe inspekta chai, basi. Sura ya tatu akarudi bila kuitwa. Sura ya sita anagombea kivuli cha mwembe na muuza mahindi, kurasa nne nzima, na pale ndipo watu wanasema kama watu. Mstari wake pembeni haukunipa shida: anataka ada ya mwanawe, kwa hiyo anataka foleni iwe ndefu. Pantoni ikiharibika abiria wanalaani, yeye anainjika sufuria ya pili.

Sasa mjengee mtu huyo daraja.

Mswada mpya unaanza siku wapimaji wanapofika na vigingi vyao. Wanakula kwake, naye anawapakulia minofu minono akidhani amepata wateja. Katikati ni ufunguzi: magari yanapita bila kusimama. Nusu ya pili, ile iliyonishinda zamani, sasa ina swali: ahamie stendi ya Ifakara ambako kila meza ina mwenyewe, au arudi kwenye mpunga, alale dunguni akifukuza ndege?

Nilichookoa ni kurasa za foleni tu. Hata hizo nimeziandika upya, maana zilimtazama mama kwa macho ya inspekta, naye alichokuwa akiona ni sahani. Inspekta amebaki aya moja, anakula kwa mkopo.

Nanyi mnaoniuliza muuaji ni nani, niacheni. Hayumo tena.