Mwanagenzi wa Kila Somo

Mwaka 2023, mwalimu mwenye shahada aliyetoka Bungoma au Kitale akitafuta kazi ya kudumu ya daraja la C2, angeweza kupewa na Tume ya Huduma za Walimu kitu kidogo zaidi: uanagenzi katika sekondari msingi, shilingi 20,000 kwa mwezi.

Kilichopungua ni cheo. Vipindi vilibaki. Aliyesomea Hisabati na Fizikia alijikuta akifundisha na Kilimo, bila wa kumwelekeza. Fundi ni yeye, mwanagenzi ni yeye, na siku nyingine idara nzima ni yeye.

Aprili 2024 mahakama ya ajira ilisema tume haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Mei wanagenzi wakagoma wakidai kazi ya kudumu, na madarasa yakakosa walimu. Ajabu, kwa watu waliokuwa wakijifunza kazi tu.