Kobe, Lipaka na Usajili wa Jina la Programu

Katika kazi zote za kuunda programu ya simu, kuchagua jina ndiyo pekee ambayo kila mtu hujiona bingwa wake. Uandishi wa msimbo huachiwa wachache wenye subira, lakini kwenye suala la jina hata mjomba aliyepita kusalimia huwa na pendekezo, na hununa lisipokubaliwa. Kwa hiyo jina hupatikana kwa kura, huchapishwa kwenye fulana, na ndipo mtu mmoja huuliza kwa sauti ya chini kama halina mwenyewe. Ajali nyingi za majina huanzia kwenye mpangilio huo wa kuanza na fulana.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, timu ya Dar es Salaam inayounda programu ya kumsaidia mwenye duka kuwaandika wateja wanaochukua unga na sabuni kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Pendekezo la kwanza ni Daftari la Madeni, jina ambalo kila mteja atalielewa, na hapo ndipo lilipo tatizo lake. Sheria ya alama za biashara, yaani majina na nembo zinazotofautisha bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine, haimpi mtu kwa urahisi haki ya kuhodhi maneno yanayoeleza tu bidhaa ilivyo, kwa sababu washindani wake nao wanayahitaji. Pendekezo la pili, Lipa Kasi, lina udhaifu huohuo, na juu yake lina dosari iliyojificha mpaka lilipoandikwa kama anwani ya tovuti. Anwani haina nafasi kati ya maneno, na msomaji wa kwanza wa lipakasi aliuliza kwa nia njema kabisa huyo lipaka ni wa nani.

Pendekezo la tatu ni Kobe, lililotolewa na mjumbe aliyechoka, kwa hoja kwamba deni la dukani hurudi polepole lakini hurudi. Kisheria ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa mnyama huyo hana uhusiano wowote wa asili na vitabu vya hesabu, na jina lisiloieleza bidhaa ndilo hulindwa vizuri zaidi. Kimtandao, hata hivyo, Kobe ni mji wa Japani, ni nyama ya ng'ombe yenye sifa duniani, na ni jina la mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu, kwa hiyo programu ya mikopo ya sabuni ingekaa nyuma yao wote katika matokeo ya utafutaji. Suluhu ya kawaida ni kuongeza neno la pili linaloelekeza, na timu ikaafikiana juu ya Kobe Daftari.

Hatua inayofuata si kukimbilia kununua anwani, bali ni kukagua alama zilizosajiliwa. Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya BRELA, na hapa ndipo hutokea kosa linalopendwa kuliko yote: mtu huonyesha cheti cha kusajili jina la biashara au kampuni akidhani ni ngao, ilhali cheti hicho ni kitu tofauti na usajili wa alama ya biashara. Zanzibar ina sheria yake na daftari lake chini ya BPRA, kwa hiyo alama iliyosajiliwa Bara haivuki bahari pamoja na abiria wa boti. Bidhaa na huduma hupangwa katika madaraja 45 ya kimataifa, na programu hii inagusa hasa daraja la 9, lenye programu za kupakua, la 42, lenye huduma za programu kupitia mtandao, na pengine la 36, lenye huduma za fedha. Hifadhidata ya bure ya WIPO, iitwayo Global Brand Database, husaidia kuangalia nchi nyingi kwa pamoja.

Anayetafuta Kobe Daftari peke yake, akakosa matokeo, akaita wenzake washerehekee, hajatafuta bado. Wakaguzi hulinganisha majina kwa mwonekano, kwa matamshi na kwa maana, na kwa kuwa Daftari ni neno la kueleza tu, uzito wote uko kwenye Kobe. Ni lazima basi kutafuta Kobe, Cobe, Kobeh na hata picha ya mnyama mwenyewe, katika madaraja hayo na yale ya jirani.

Sababu ya kutanguliza alama huonekana kwa kulinganisha visa viwili vya kampuni ambazo hazikukosa fedha wala mawakili. Google ilipotangaza kampuni mama yake mpya, Alphabet, mwezi Agosti 2015, anwani ya alphabet.com ilikuwa mikononi mwa BMW, na kampuni hiyo kubwa ikaanza maisha kwa abc.xyz bila kufilisika. Microsoft ilipoiita huduma yake SkyDrive, kampuni ya televisheni ya BSkyB ilishinda kesi mahakamani Uingereza mwaka 2013, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikageuka kuwa OneDrive duniani kote. Anayekosa anwani hutafuta nyingine, lakini anayekosa haki ya jina hubadilisha kila kitu, zikiwemo fulana.

Alama ikionekana salama, ndipo hukaguliwa kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti lililosajiliwa. Wengi huandika anwani kwenye kivinjari, na ukurasa usipofunguka hupiga vigelegele, ilhali kikoa kinaweza kuwa kimelipiwa miaka mingi bila kuwekewa tovuti. Jibu la kuaminika hutoka kwenye daftari la usajili lenyewe:

```
whois kobedaftari.co.tz
whois kobedaftari.com
```

Mitandao ya kijamii nayo ina mtego kama huo, kwani ukurasa wa akaunti usiopatikana huenda ni wa akaunti iliyofungiwa ambayo jina lake bado limezuiwa, na njia ya uhakika ni kujaribu kulisajili. X huruhusu herufi 15 tu, na kwa kuwa ndiyo yenye kikomo kifupi kuliko Instagram na TikTok, ndiyo inayowapangia wengine. Kobedaftari, lenye herufi 11, linapita kila mahali bila mstari wa chini, alama ambayo mteja huisahau na tapeli huikumbuka.

Baada ya hapo kikoa na majina ya akaunti huchukuliwa siku moja, kabla mjumbe yeyote hajatangaza habari njema kwenye kundi la ukoo. Kikoa hutangulia, kwa sababu kitambulisho cha programu ya Android huundwa kwa desturi kwa kukigeuza kikoa, kama tz.co.kobedaftari, na kikishachapishwa dukani Google Play hakibadilishwi tena, hata jina linaloonekana likibadilika.

Inabaki hatari moja ya nyumbani, nayo ni kijana wa tovuti anayesajili kikoa kwa jina lake na barua pepe yake, kisha akahamia mkoa mwingine na laini nyingine ya simu. Mwenye kikoa anapaswa kuwa kampuni, na vikumbusho vya malipo viende kwa zaidi ya mtu mmoja. Kikoa cha .com kisicholipiwa, baada ya muda wa hisani, hukaa siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kukikomboa kwa ada ya ziada, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu hufunguliwa kwa yeyote. Kwa programu iliyoundwa kuwakumbusha wengine madeni yao, kupoteza jina kwa njia hiyo kungewapa wakopaji wa mtaa mzima sababu ya kutolipa mpaka mwakani.