Ombi la Kumzika Mtu Aliye Hai

Kwa Mkuu wa Makaburi,
Jiji la Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: KIBALI CHA MAZISHI NA NAFASI YA KABURI KWA MZEE AMBAYE KWA SASA ANAKUNYWA CHAI

Naandika kwa niaba ya mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 84, anayeishi nasi Kayole. Kiafya hana neno. Asubuhi hii amekula mihogo miwili na kuulizia wa tatu. Hata hivyo tumekaa kikao cha familia, yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti, tukaafikiana kwamba maombi haya yakingoja mpaka afe yatakuwa yamechelewa.

Utaratibu tunaujua, na ni mzuri kwa kusikiliza. Mtu akifia hospitalini, daktari aliyemtibu hujaza fomu ya D1, anaandika kilichomuua, na familia inapewa kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, kazi hiyo ni ya naibu wa chifu: anajaza D2, anachukua kitambulisho cha marehemu, anatoa kibali. Ukiwa nacho, mochari itakuachia mwili, gari litapita vizuizi vya polisi, na wewe, Mheshimiwa, utatuonyesha pa kuchimba. Bila kibali hakuna lolote kati ya hayo. Cheti cha kifo ni jambo la baadaye, hilo halitusumbui. Karatasi tunayoililia ni ile ndogo ya kwanza.

Shida yetu ni moja tu. Mjomba ana tabia ya kufanya mambo yake usiku, na afisi hufanya mambo yake mchana, Jumatatu hadi Ijumaa.

Yaliyompata jirani yetu ndiyo yaliyotufungua macho. Babake alifariki Ijumaa, baada ya magharibi, kitandani kwake, akiwa mzee na mgonjwa wa siku nyingi. Mzee wa nyumba kumi alifika mara moja, akaandika barua kwa mkono, akatoa pole. Barua ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ya kupeleka kwenye afisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa ina muhuri ambao bado nitauhitaji. Kwenye afisi hiyo kulikuwa na kufuli. Mlangoni palibandikwa nambari ya simu, na mwenye simu hiyo alikuwa amesafiri kwenda kwao kwenye mazishi.

Hapo ndipo shemeji mmoja mjuaji alipotoa wazo ambalo kila ukoo una shemeji wa kulitoa: "Tumpelekeni hospitali, huko hakufungwi." Wakamkodia marehemu teksi. Hospitali haikufungwa kweli, lakini daktari wa zamu alimtazama mzee akasema, kwa adabu, kwamba huyu amefikishwa akiwa tayari amekufa. Yeye hakumtibu, hajui kilichomuua, na D1 hawezi kuitia sahihi. Nendeni polisi. Polisi wakaandika kwenye kitabu cha matukio, kwa sababu mwili uliofikishwa hospitalini bila maelezo ni jambo la kuchunguzwa, wakataka upasuaji wa maiti. Mpasuaji angepatikana Jumatatu. Hivyo mzee wa miaka tisini na kitu, aliyekufa kifo cha starehe huku wajukuu wakimpepea, alilala mochari siku tatu kama mshukiwa.

Siwalaumu daktari wala polisi. Daktari akitia sahihi chanzo cha kifo asichokijua, atakuwa amewafungulia njia wale wanaomaliza jamaa zao kimyakimya. Kosa lilianzia kwenye kufuli, likapanda teksi. Kama mzee angeachwa nyumbani, naibu wa chifu angeandika Jumatatu alichoambiwa na wanawe, maana yeye si tabibu na hapimi kitu, na mambo yangeishia hapo. Lakini joto la Kayole nalo halijui Jumatatu. Familia iliyoogopa harufu ilikimbilia mochari, na mochari, Mheshimiwa, ndiyo afisi pekee katika safari nzima inayofanya kazi wikendi. Inahesabu siku zote saba, na inazitoza.

Kwa hiyo tunaomba kibali kitolewe sasa hivi. Jina lijazwe, umri ujazwe, kitambulisho mjomba yuko tayari kukikabidhi kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo marehemu wengine hawajawahi kuliweza. Tarehe iachwe wazi. Chanzo cha kifo pia kiachwe wazi, au kiandikwe "uzee", mwenyewe ameridhia.

Nije kwenye kaburi. Wengi wangekwambia wanawapeleka wazee wao mashambani, na jiji limekuwa likitegemea hilo miaka mingi. Mjomba hana shamba. Aliliuza ili kutusomesha, na elimu hiyo ndiyo inayoniwezesha kukuandikia barua hii. Kwa hiyo ni Lang'ata. Tunafahamu kwamba Lang'ata ilitangazwa kujaa katika miaka ya 1990, na tunafahamu pia kwamba watu wamezikwa humo tangu wakati huo bila kukosa. Wachimbaji wanabana kati ya kaburi na kaburi, au wanarudi kwenye makaburi ya muda, yale ambayo mwenyewe akikaa miaka kadhaa hupokea mwenzake juu yake. Nilipomweleza mjomba tofauti ya kaburi la muda na la kudumu, alinyamaza kidogo kisha akauliza kama akiwa wa muda atapewa notisi. Amekuwa mpangaji Nairobi miaka hamsini. Anasema hili la mwisho angependa liwe lake.

Msaidizi wako mmoja akiniambia nafasi hakuna, nitamkumbusha kwamba nafasi ilinunuliwa. Halmashauri ya jiji la wakati ule ilitoa shilingi milioni 283 kwa ekari 120 kule Mavoko, ziwe makaburi mapya. Baadaye ikaja kubainika kwamba bei ilikuwa imevimba mara nyingi kuliko thamani ya ardhi, na kwamba ardhi yenyewe ni ya mawe. Kaburi linataka udongo unaokubali jembe futi sita. Pale jembe linarudi na cheche. Suala likaenda mahakamani, maiti zikabaki Lang'ata. Mjomba, ambaye enzi zake alikuwa fundi wa kuchimba visima, anajitolea. Mtengeeni kipande chake Mavoko na nyundo ya kuvunjia mwamba, ataanza kuchimba mwenyewe polepole, siku za kazi, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja. Anakadiria kwamba akipewa miezi minane atafika futi nne, na zile mbili zilizobaki ataliachia jiji.

Malipo tutafanya kwa njia mnayotaka, mradi risiti itoke siku hiyo hiyo. Tumeambiwa kwamba mtandao wa malipo nao huwa na siku zake.

Tunasubiri jibu lako, na kwa kweli mjomba pia anajitahidi kulisubiri.

Wako mtiifu,
Mpwa wa marehemu mtarajiwa

Tanbihi: Nilipokuwa nafunga bahasha mzee alianza kukohoa. Leo ni Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini. Nimemsihi ajikaze, naye ameniuliza kama Jumatatu ni sikukuu.